Kipimo cha ngozi na kipimo cha interferoni gama kwa TB: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Vipimo hivi viwili vinapima nini hasa?

Vinapima kumbukumbu. Hakuna hata kimoja kinachomtafuta mdudu wa kifua kikuu mwenyewe. Anayetaka kumwona mdudu hupeleka makohozi maabara, yakatazamwe kwa hadubini, yaoteshwe au yapimwe vinasaba. Kipimo cha ngozi na kipimo cha damu cha interferoni gama, ambacho maabara hukiita IGRA, vinauliza swali jingine: je, seli T za mtu huyu, yaani chembe nyeupe za kinga zenye kumbukumbu, zimewahi kufundishwa kuitambua bakteria ya TB, na bado zinakumbuka somo hilo?

Ndiyo maana majibu chanya hayakwambii kama una TB inayokula mapafu sasa, una bakteria waliolala tu, au kinga yako ilishawamaliza miaka mingi iliyopita ikabaki na kumbukumbu yao. Mtu mwenye majibu chanya huulizwa kwanza dalili: kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Kisha hupigwa picha ya kifua, na kama kuna shaka yoyote, makohozi yapimwe. Wengi wenye majibu chanya hawataugua TB maisha yao yote. Makadirio ya kawaida ni kwamba kati ya watu 100 walioambukizwa, wenye kinga nzuri, 5 hadi 10 ndio wataugua, na wengi wao katika miaka miwili ya mwanzo.

Kwa nini mkono huvimba siku ya pili au ya tatu, si papo hapo?

Kwa sababu kinachovimbisha mkono ni seli zinazosafiri, na safari yake ina hatua. Mzio wa karanga au wa nyuki huendeshwa na kingamwili ambazo tayari zimekaa juu ya seli za ngozi, kwa hiyo hulipuka ndani ya dakika. Tuberkulini, yaani dawa inayochomwa kwenye kipimo cha ngozi, haifanyi hivyo.

Dawa hiyo ni mchanganyiko wa protini zilizosafishwa za bakteria wa TB waliooteshwa na kuuawa. Ikishaingia ndani ya ngozi, makrofaji na seli nyingine za ulinzi zilizopo pale huimeza, huikatakata vipande vidogo na kuvitundika juu ya utando wao. Seli T za kumbukumbu zinazozunguka mwilini hupita zikikagua. Zinazokitambua kipande chao ni chache mno, lakini chache hizo zinatosha: humwaga interferoni gama na kemikali nyingine za kuitana. Kuta za mishipa midogo ya damu pale hunata na kulegea, na seli nyingine nyingi huingia. Hizo nyingi hazijui lolote kuhusu TB. Zimeitikia mwito tu.

Pamoja nazo huvuja maji na fibrinojeni, protini ileile inayogandisha damu kwenye jeraha. Fibrinojeni ikiganda katikati ya nyuzi za ngozi, sehemu ile inakuwa ngumu. Ugumu huo ndio unaopimwa, nao hufika kilele kati ya saa 48 na 72.

Kwamba kazi hii ni ya seli na si ya majimaji ya damu ilithibitishwa na Merrill Chase mwaka 1945. Alichukua seli kutoka kwa sungura-panya waliokuwa wakiitikia tuberkulini akawapa wenzao ambao hawajawahi kukutana na TB, na wale waliopokea wakaanza kuitikia. Serumu peke yake haikuhamisha uwezo huo. Hapo ndipo maneno «kinga ya seli» yalipopata miguu ya kusimamia.

Sindano ya ngozi inachomwaje?

Dozi ni mililita 0.1, si zaidi. Ndani yake kuna yuniti 5 za tuberkulini ya PPD-S, au yuniti 2 za PPD RT23. Aina hizi mbili kwa viwango hivyo huhesabiwa kuwa sawa kwa nguvu. Hutumika bomba la mililita 1 lenye alama ndogondogo na sindano nyembamba fupi ya namba 26 au 27.

Mahali ni upande wa ndani wa kigasha, sentimita 5 hadi 10 chini ya kiwiko, pasipo kovu, upele wala mshipa unaoonekana. Ngozi hufutwa kwa spiriti na kuachwa ikauke kabisa. Mchomaji huivuta kidogo kwa kidole ikaze, huelekeza mdomo wa sindano juu, kisha huiingiza karibu ikiwa imelala, nyuzi 5 hadi 15 tu, mpaka mdomo wote umezama ndani ya ngozi. Akisukuma dawa polepole anapaswa kuhisi ukinzani na kuona kilima cheupe chenye upana wa milimita 6 hadi 10, chenye vinyweleo vilivyodidimia kama ganda la chungwa.

Kilima kisipotokea, dawa imekwenda chini ya ngozi. Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote, nalo huleta majibu hasi ya uongo kwa sababu dawa inasambaa na kusombwa kabla seli hazijakusanyika. Dawa ikivuja nje tone zima, ni vilevile. Njia ya kurekebisha ni kurudia papo hapo siku hiyohiyo, mkono wa pili au umbali wa angalau sentimita 5 kutoka pa kwanza, na kuandika ni pahali gani patakaposomwa.

Kosa la pili halionekani kwa macho: dawa iliyokwisha nguvu. Tuberkulini hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, gizani, na chupa ikifunguliwa huandikwa tarehe na kutupwa baada ya siku 30. Isitayarishwe kwenye mabomba asubuhi ili itumike mchana, maana protini zake hupenda kugandamana na kuta za plastiki, na kinachobaki cha kuchoma kinakuwa hafifu.

Baada ya hapo mkono haufungwi bendeji na haukwaruzwi. Kuoga ni ruksa.

Nimeona wekundu mkubwa mkononi. Hiyo ni chanya?

Wekundu hauhesabiwi. Kinachohesabiwa ni ugumu unaopapaswa. Msomaji hukaa mahali penye mwanga, hukunja kiwiko cha mteja kidogo, kisha hupapasa kwa ncha za vidole kutoka nje kuelekea katikati. Njia nzuri kwa anayeanza ni ya kalamu: anza sentimita moja au mbili nje ya uvimbe, sukuma kalamu ya wino taratibu kuelekea katikati, na pale inapogoma simama. Fanya hivyo upande wa pili. Nafasi kati ya mistari miwili ndiyo upana, nao hupimwa kwa rula ya milimita kukingama mkono, si kwa urefu wake. Sababu ya kukingama ni ya kimazoea lakini ina uzito: vigezo vyote tunavyotumia vilipatikana kwa kupima hivyo.

Andika namba. «Milimita 0» ni jibu, na «hasi» peke yake halitoshi, kwa sababu atakayepima tena mwaka ujao anahitaji kitu cha kulinganisha. Ukiona kwenye kitabu 10, 15 na 20 tupu, hakuna 11 wala 13, jua msomaji alikuwa anakadiria kwa jicho.

Anayekuja baada ya saa 72 akiwa na ugumu mkubwa bado anaweza kusomwa chanya, kwani ugumu wa kweli huweza kudumu hata wiki. Anayekuja amechelewa na hana kitu hawezi kuitwa hasi. Huyo arudie. Na aliyewahi kupata malengelenge au kidonda kutokana na kipimo hiki asichomwe tena, kumbukumbu yake inajulikana tayari.

Milimita ngapi ni chanya, na BCG niliyochanjwa utotoni inaharibu hesabu?

Inategemea ni mkono wa nani. Kwa mwenye VVU, anayetumia dawa za kushusha kinga, au aliyeishi karibuni na mgonjwa wa TB, milimita 5 zinatosha. Kwa watu wengine wa nchi zenye TB nyingi kama zetu, mstari wa kawaida ni 10. Marekani wana mstari wa 15 kwa asiye na hatari yoyote. Mstari mmoja hauwezi kuwafaa wote kwa sababu mwenye kinga dhaifu ana askari wachache wa kuitikia mwito, na pia gharama ya kumkosa ni kubwa.

BCG inaweza kuchanganya mambo kwa sababu tuberkulini ina protini nyingi ambazo BCG, na hata bakteria wengine wa udongo na maji walio ndugu wa TB, wanazo pia. Lakini athari ya BCG ya siku za kuzaliwa, kama inavyotolewa Kenya na Tanzania, hufifia sana ndani ya miaka kumi. Mtu mzima wa miaka 30 mwenye milimita 16 asijifariji kwamba «ni BCG tu». Iliyotolewa baada ya mwaka wa kwanza wa maisha, au iliyorudiwa shuleni, hukaa muda mrefu zaidi.

Mara ya kwanza nilipata milimita 4, wiki mbili baadaye 13. Nimeambukizwa katikati?

Yaelekea la, na swali hili linafundisha mengi kuhusu kumbukumbu yenyewe.

Aliyeambukizwa miaka 20 iliyopita ana seli T za kumbukumbu, ila zimepungua na zimetulia. Sindano ya kwanza inazikuta chache, mkono unavimba kidogo au hauvimbi kabisa. Lakini zile chache zimeamshwa, zimegawanyika, na baada ya wiki moja hadi tatu zimekuwa jeshi. Sindano ya pili inalikuta jeshi hilo. Sindano haikumwambukiza mtu yeyote, kwa kuwa haina bakteria hai. Tena haiwezi kumfundisha asiyewahi kukutana na TB, hata arudiwe mara ngapi. Inaweza tu kukumbusha aliyesahau.

Ndiyo sababu mahali ambapo watumishi wa afya hupimwa kila mwaka, kipimo cha kwanza kabisa hufanywa mara mbili, kwa nafasi ya wiki moja hadi tatu, na jibu la pili ndilo linaloandikwa kama la mwanzo. Bila hivyo, muuguzi aliyepata 4 mwaka huu atapata 13 mwaka ujao, wadi yake itaonekana ina mlipuko, na atapewa dawa kwa ajili ya maambukizi mapya ambayo hayakutokea. Ubaya ni kwamba ukumbusho huu huweza kuamsha kumbukumbu ya BCG pia.

Kipimo cha damu kinafanyikaje?

Ni mantiki ileile, isipokuwa mkutano wa seli na protini unafanyika ndani ya chupa. Tuchukue QuantiFERON-TB Gold Plus, ambacho ndicho wengi watakutana nacho. Huchukuliwa mililita 1 ya damu katika kila moja ya mirija minne. Mrija wa kijivu, `Nil`, hauna kichocheo na huonyesha interferoni iliyokuwamo tayari. Wa kijani, `TB1`, na wa manjano, `TB2`, vina vipande vya protini mbili za TB, ESAT-6 na CFP-10. TB2 ina pia vipande vifupi zaidi vya kuamsha seli T za kundi la CD8. Wa zambarau, `Mitogen`, una protini itokanayo na maharage ambayo huamsha karibu kila seli T bila kujali inakumbuka nini. Huo ndio ushahidi kwamba seli za mtu huyu ziko hai na zinaweza kusema.

Mirija hutikiswa mara kumi, kwa nguvu ya kutosha tu damu ipake kuta zote, maana vichocheo vimekaushwa ukutani. Kisha iingie kwenye inkyubeta ya nyuzi 37 ndani ya saa 16 tangu damu itoke, ikae wima saa 16 hadi 24. Baada ya hapo huzungushwa kwenye sentrifuji, plazma hutenganishwa, na interferoni gama hupimwa.

Maabara yetu huharibikiwa hapa katikati kuliko kwenye mashine. Damu ikitikiswa kama soda, jeli ya mrija huvunjika na namba hupotoka. Isipotikiswa vya kutosha, vichocheo hubaki ukutani na jibu linashuka. Ikijazwa zaidi au pungufu ya mililita 0.8 hadi 1.2, uwiano wa kichocheo na seli unapotea. Mtu mwangalifu wa kituo cha mbali akiiweka mirija hii kwenye kibaridi chenye barafu, kama alivyozoea kufanya kwa sampuli nyingine, amewaua mashahidi kabla hawajahojiwa: kipimo hiki kinahitaji seli hai, na kabla ya inkyubeta mirija hukaa kwenye joto la kawaida la chumba.

Kwa nini hicho hakichanganywi na BCG?

Jibu liko Lille, Ufaransa. Kati ya 1908 na 1921 Albert Calmette na Camille Guérin waliotesha bakteria wa TB ya ng'ombe, wakiwahamisha kutoka chakula kimoja hadi kingine mara 230, mpaka bakteria hao wakapoteza ukali na kuwa BCG. Njiani bakteria hao walidondosha kipande cha vinasaba kinachoitwa RD1, na ESAT-6 na CFP-10 zimeandikwa humo. Aina zote za BCG zinazotumika duniani zimetokana na mama huyo mmoja, kwa hiyo hakuna inayoweza kufundisha seli T kuzitambua protini hizo. Bakteria wachache wasio TB bado wanazo, mfano Mycobacterium kansasii na Mycobacterium marinum, lakini hao si wengi.

Wazo hilohilo limerudishwa kwenye ngozi. Zipo sindano mpya, kama Cy-Tb na Diaskintest, zinazochomwa na kusomwa kama ile ya zamani lakini ndani yake mna ESAT-6 na CFP-10 tu. Shirika la Afya Duniani lilizikubali mwaka 2022. Kwa mahali pasipo inkyubeta wala umeme wa kutegemewa, nadhani hizo ndizo zitakazotufaa zaidi.

Karatasi yangu ina namba nne. Nizisomeje?

Tuseme ni kijana wa miaka 27 kutoka Mombasa, alichanjwa BCG alipozaliwa, hana dalili, anahitaji majibu kwa ajili ya chuo cha uuguzi nje ya nchi. Karatasi inasema, kwa yuniti za kimataifa katika mililita:

```
Nil      0.12
TB1      0.41
TB2      0.52
Mitogen  8.90
```

Kwanza ondoa Nil kwenye kila moja, kwa sababu hiyo ni kelele ya nyuma. TB1 inabaki 0.29, TB2 inabaki 0.40, Mitogen inabaki 8.78. Mitogen imepita 0.50, basi seli zinaitikia. Mstari wa chanya ni 0.35, na mrija mmoja wa TB ukiufikia unatosha. TB1 haikufika, TB2 imefika. Sharti jingine ni kwamba baki hilo liwe angalau robo ya Nil. Robo ya 0.12 ni 0.03, limepita. Jibu ni chanya.

Lakini ni chanya iliyokaa ukingoni. Damu ya mtu yuleyule ikipimwa tena kesho inaweza kupanda au kushuka kwa kiasi hicho kwa sababu ya kujaza, kutikisa, saa za kusubiri, na mabadiliko ya mwili wenyewe. Wataalamu wengi huyatazama majibu ya kati ya 0.20 na 0.70 kwa tahadhari. Kijana huyu, kwa kuwa hana dalili wala hakuishi na mgonjwa, ni haki yake apimwe tena. Ikirudi 0.12 na 0.16, ni hasi, na haina maana kwamba alipona katikati. Angekuwa na 4.60 tangu mwanzo, kurudia kungekuwa kupoteza pesa.

Lile sharti la robo lina kazi yake. Mwenye Nil ya 2.00 na TB1 ya 2.40 ana baki la 0.40, ambalo limepita 0.35, lakini robo ya 2.00 ni 0.50. Huyo ni hasi: tofauti hiyo imemezwa na kelele.

Majibu yangu «hayakuamulika». Ni hasi?

Hapana, ni kwamba kipimo hakikusema kitu. Kuna njia mbili za kufika hapo. Mitogen ukiondoa Nil iko chini ya 0.50 na mirija ya TB imekaa kimya: aidha seli zako zimedhoofu, aidha damu ilicheleweshwa au kupoa. Au Nil yenyewe imezidi 8.0, yaani damu imejaa interferoni kabla ya kuchokozwa, jambo linaloweza kutokea mtu akiwa na maambukizi mengine makali. Rudia kwa damu mpya. Ikitoka vilevile mara ya pili kwa Mitogen ya chini, tatizo si maabara tena. Chunguza kinga ya mtu, na VVU iwe ya kwanza.

T-SPOT.TB ina tofauti gani?

Nayo ni kipimo cha damu cha interferoni gama, ila badala ya kupima jumla ya interferoni, inahesabu seli zilizoitoa. Chembe nyeupe huoshwa na kuhesabiwa, 250,000 zinawekwa katika kila kisima kidogo cha sahani ya maabara, na kila seli inayomwaga interferoni inaacha doa. Kwa kigezo cha Marekani, madoa 8 zaidi ya kisima kisicho na kichocheo ni chanya, na 5 hadi 7 ni ya ukingoni. Hebu fikiria namba hiyo: seli 8 katika 250,000 ni moja katika elfu thelathini na kitu. Kumbukumbu ya TB katika damu ni nyembamba kiasi hicho, na mkono mzima unaweza kuvimba kwa ajili yake. Kwa kuwa idadi ya seli husawazishwa kwanza, kipimo hiki huwa na nafuu kidogo kwa watu wenye chembe nyeupe chache, ila kinadai kazi nyingi zaidi maabara.

Ngozi imesema chanya, damu imesema hasi. Nani mkweli?

Mara nyingi wote wawili, kwa kuwa hawakuulizwa jambo lilelile. Maelezo ya kwanza ni BCG au bakteria wa mazingira, hasa kama chanjo ilirudiwa baada ya utoto.

Maelezo ya pili ni aina ya kumbukumbu. Seli T za kumbukumbu haziko sawa zote. Zipo zilizo zamu, zilizozoea kuzunguka kwenye viungo na zenye interferoni tayari mkononi. Hizi hujibu ndani ya saa chache. Zipo nyingine za akiba, hukaa zaidi kwenye matezi, na kazi yake ni kugawanyika kwanza ndipo watoto wake wafanye kazi. Damu ikikaa saa 16 hadi 24 kwenye mrija, zinazosikika zaidi ni zile za zamu. Ngozi hupewa siku mbili hadi tatu na ina mwili mzima wa kuitia msaada. Kwa hiyo aliyeambukizwa zamani, ambaye kumbukumbu yake imehamia akiba, anaweza kuonyesha ngozi chanya na damu hasi bila yeyote kukosea.

Jambo la kuzingatia kama unataka vyote viwili: toa damu kabla ya sindano ya ngozi, au mwisho kabisa siku ile mkono unaposomwa. Tuberkulini ina ESAT-6 na CFP-10 pia, na ukingoja zaidi ya hapo sindano itakuwa imeamsha seli utakazozikuta kwenye damu. Kinyume chake hakina shida, kwa sababu mkutano wa mrijani haurudi mwilini.

Nimelala chumba kimoja na mgonjwa wa TB, nimepima wiki iliyofuata, ni hasi. Nimesalimika?

Bado huwezi kujua. Mafunzo ya seli T huchukua wiki 2 hadi 8 tangu kuambukizwa, na hasi ya wiki ya kwanza inaeleza hali ya kabla ya kukutana na mgonjwa. Pima tena baada ya wiki 8 hadi 10 tangu siku ya mwisho mlipokaa pamoja.

Hasi hudanganya pia pale kumbukumbu ipo lakini imenyamazishwa. VVU hupunguza seli T za kundi la CD4, ambazo ndizo hasa zinazojibu. Utapiamlo mkali, steroidi za muda mrefu na TB kali yenyewe hufanya hivyohivyo. Kwa mgonjwa wa TB kali seli nyingi zinazoitambua zimekwenda zilipo bakteria, na damu na ngozi zinabaki na uhaba. Surua ni mfano wa kale: Clemens von Pirquet alieleza mwaka 1908 kwamba watoto waliokuwa wakiitikia tuberkulini waliacha kuitikia wakati wa surua, kisha wakarejea. Chanjo hai ya surua inaweza kufanya hivyo kwa kiasi, kwa hiyo kipimo hufanywa siku ileile ya chanjo au husubiriwa wiki 4 hadi 6.

Ndiyo maana hasi haitumiki kumwondolea mtu TB mwenye kikohozi na uzito unaoshuka. Na ndiyo maana mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi na mgonjwa, au mtu mwenye VVU, akishathibitika hana TB hai anaweza kuanzishiwa dawa ya kinga bila kungoja kipimo chochote kati ya hivi.

Nimemaliza dawa ya kinga. Nipime tena kuona kama imefanya kazi?

Usipime. Dawa inaua bakteria, haifuti kumbukumbu. Wengi waliomeza dozi yote, iwe isoniazidi kila siku kwa miezi 6 au isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki kwa wiki 12, hubaki chanya miaka mingi. Namba za kipimo cha damu huweza kushuka, zikapanda, zikashuka tena, na mwendo huo haujaonekana kufuatana na kupona. Aliyewahi kuwa chanya hufuatiliwa kwa dalili, na kwa picha ya kifua pale inapohitajika. Tunza cheti cha kumaliza dawa pamoja na karatasi ya majibu yenye milimita au namba zote nne, kwa sababu mwajiri au chuo kitakachofuata kitadai kipimo upya, na karatasi hizo ndizo zitakazokuepusha na sindano nyingine na dozi nyingine usizozihitaji.